Daivajensi ya MACD: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuitambua na kujua inapodanganya

Daivajensi ni nini hasa?

Ni pale bei na MACD, kiashiria kinachochorwa chini ya chati ya bei, zinapoacha kukubaliana. Bei ikipanda na kufikia kilele kipya kilicho juu ya kile cha kwanza, huku MACD ikifikia kilele kilicho chini ya kile chake cha kwanza, hiyo ni daivajensi ya dubu, na watu huisoma kama onyo kwamba bei inaweza kushuka. Bei ikishuka na kuweka bonde jipya lililo chini ya lile la awali, huku bonde la MACD likiwa juu ya la awali, hiyo ni daivajensi ya fahali, onyo kwamba bei inaweza kupanda.

Katika ya dubu tunalinganisha vilele na vilele, na katika ya fahali mabonde na mabonde. Ukiona mtu amechora mstari kutoka kilele cha bei hadi bonde la bei, hicho alichochora si daivajensi.

Kwa nini kwanza nielewe MACD inapima nini?

Kwa sababu karibu kila kosa ninaloliona kwenye daivajensi linaanzia hapo. Watu huichukulia MACD kama kipimo cha nguvu za wanunuzi. Sivyo. MACD inapima kasi ya bei.

Gerald Appel aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1970, na hesabu yake ni fupi:

```
MACD      = EMA(12) - EMA(26)
Signal    = EMA(9) ya MACD
Histogram = MACD - Signal
```

EMA ni wastani unaosogea pamoja na bei, ila huipa bei ya karibuni uzito mkubwa kuliko ya zamani. Kila wastani hubaki nyuma ya bei, na wa muda mrefu hubaki nyuma zaidi. Bei ikipanda kwa mwendo usiobadilika kwa muda wa kutosha, EMA ya mishumaa 12 hubaki nyuma kwa mishumaa 5.5 na EMA ya 26 kwa mishumaa 12.5, mshumaa ukiwa ni kipindi kimoja cha chati, kwa mfano siku moja. Tofauti kati yao ni mishumaa 7.

Ishike hiyo 7, maana tutaihitaji katika majibu mengi yanayofuata. Bei ikipanda pointi 2 kila siku bila kubadilika, MACD itatulia kwenye 14. Ikipanda pointi 1 kwa siku, itatulia kwenye 7. Bei ikisimama, MACD inarudi sifuri, haidhuru ni bei ya juu kiasi gani. Kwa hiyo kilele cha pili cha MACD kikiwa chini ya cha kwanza, kinachosemwa ni kimoja tu: safari hii bei imekwenda juu kwa mwendo mdogo kuliko safari ile. Gari lililopunguza mwendo kutoka 80 hadi 50 bado linakwenda mbele. Linaweza kuwa linatafuta mahali pa kugeuza, au limefika tu kwenye mlima, na spidomita haiwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo.

Nionyesheni daivajensi moja kwa namba, mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue hisa ya mfano iliyokaa kwenye 100 kwa muda mrefu, kiasi kwamba EMA zote mbili ziko 100 na MACD ni sifuri. Namba hizi ni za kujitungia ili hesabu ionekane, na unaweza kuzirudia mwenyewe kwenye jedwali la kompyuta.

Kuanzia siku ya 1 hadi ya 20 bei inapanda pointi 2 kila siku, inafika 140. Siku hiyo ya 20 MACD iko 9.0. Bado haijafika 14 kwa sababu siku 20 hazitoshi EMA ya 26 kutulia.

Kisha bei inashuka pointi 2 kwa siku kwa siku tano na kufika 130. Angalia kinachotokea siku ya 21: bei imeshashuka hadi 138, lakini MACD inasogea juu kidogo tu hadi 9.04, na hapo ndipo kilele chake kilipo. Kilele cha MACD kimekuja mshumaa mmoja baada ya kilele cha bei. Si kosa la chati, ni kuchelewa kwa kawaida kwa wastani. Kufikia siku ya 25 MACD imeshuka hadi 7.0.

Baadaye bei inaanza tena kupanda, safari hii pointi 1 kwa siku kwa siku 15. MACD inaendelea kuteremka hadi karibu 5.0 mnamo siku ya 34, halafu inainuka polepole. Siku ya 40 bei iko 145, kilele kipya kilichoipita ile 140. MACD iko 5.3, chini sana ya 9.04.

Hiyo ni daivajensi ya dubu iliyokamilika kwa vigezo vya kitabuni: bei 140 kisha 145, MACD 9.04 kisha 5.3. Iweke kando kidogo, tutairudia.

Naichoraje kwenye chati bila kujidanganya?

Anza na bei, usianze na MACD. Ukianza na MACD utaona vilima kila mahali na utatafuta bei ya kuvihalalisha. Tafuta kwanza vilele viwili vya bei ambavyo mtu yeyote angeviona bila kiashiria chochote, vyenye mteremko wa maana katikati. Kwenye mfano wetu mteremko ule ni kutoka 140 hadi 130, hauwezi kukupita.

Kisha shusha mstari wima kutoka kila kilele hadi kwenye dirisha la MACD. Kilele cha MACD unachokichukua kiwe pale mstari unapotua au mshumaa mmoja hadi mitatu pembeni. Kikiwa mbali zaidi ya hapo, unalinganisha vitu visivyohusiana.

Jambo la tatu ndilo wengi hulipuuza. Tazama MACD ilifika wapi kati ya vilele viwili. Mimi hutaka iwe imerudi kwenye sifuri, au angalau imeikaribia sana. MACD ikigusa sifuri, maana yake EMA mbili zimekutana, mwendo wa kwanza umekwisha kabisa, na kinachofuata ni jaribio jipya ambalo linaweza kupimwa peke yake. Isipofika huko, mara nyingi unachokiona ni mwendo uleule mmoja unaovuta pumzi. Kwenye mfano wetu MACD ilishuka kutoka 9 hadi 5 tu, haikufika hata nusu ya njia. Daivajensi ile ilikuwa dhaifu tangu ilipozaliwa, na hilo lingeonekana kabla ya kuweka oda yoyote.

Amua pia mapema kama unapima bei kwa nyuzi za mishumaa, yaani bei ya juu na ya chini kabisa iliyoguswa, au kwa bei ya kufunga. MACD kwa kawaida huhesabiwa kwa bei ya kufunga. Uzi mrefu uliopita kilele cha zamani kwa dakika chache kisha mshumaa ukafunga chini yake hauonekani kabisa ndani ya MACD, kwa hiyo ukilinganisha uzi huo na MACD unaweza kuunda daivajensi ambayo haipo.

Nitazame mstari wa MACD au histogramu?

Vinapima vitu viwili tofauti. Mstari unapima kasi. Histogramu, ambayo Thomas Aspray aliiongeza mwaka 1986, inapima kama kasi yenyewe inaongezeka au inapungua. Ndiyo maana histogramu huwahi, na ndiyo maana hudanganya zaidi. Rudi kwenye bei inayopanda pointi 2 kila siku bila kuchoka: MACD inatulia kwenye 14, mstari wa ishara, yaani ile Signal, unaifuata hadi 14, na histogramu inakwenda sifuri. Bei inaweka kilele kipya kila siku huku histogramu ikishuka, na hakuna chochote kilichoharibika sokoni. Mwendo wowote uliotulia hutoa picha hiyo.

Kama wewe ni mgeni wa jambo hili, shikamana na mstari.

Angalizo kwa wanaotumia MetaTrader: MACD iliyokuja na programu hiyo huchora mstari wa MACD wenyewe kwa umbo la nguzo, kisha mstari wa ishara juu yake, na ule wa ishara ni wastani wa kawaida wa 9 badala ya EMA. Nguzo zile si histogramu. Nimeona mabishano marefu kati ya watu wawili wanaoangalia bei ileile, mmoja anaona daivajensi na mwingine haoni, kumbe kila mmoja anaita kitu tofauti kwa jina moja. Kabla hujabishana na mwenzako, muulize nguzo zake zinahesabiwa vipi.

Nilifuata kila hatua, nikauza, bei ikaendelea kupanda. Nilikosea wapi?

Huenda hukukosea kuitambua. Ulikosea kuipa maana isiyokuwa nayo.

Turudi kwenye hisa yetu. Siku ya 40 iko 145 na daivajensi imeshachorwa. Tuseme hakuna kinachobadilika, bei inaendelea kupanda pointi 1 kwa siku. Siku ya 100 itakuwa 205. MACD katika siku hizo 60 itapanda taratibu kuelekea 7 na kukwama hapo, kwa sababu 7 mara 1 ni 7. Haitaifikia 9.04 kamwe. Maana yake ni kwamba kila kilele kipya cha bei, kuanzia 145 hadi 205, kiko kwenye daivajensi ya dubu dhidi ya kilele kile cha kwanza. Aliyeuza 145 kwa kuamini kwamba daivajensi ni ishara ya kugeuka, yaani aliyeingia sokoni akitegemea bei ishuke, amepoteza pointi 60, na kila akiitazama chati inamwambia bado yuko sahihi.

Hapa ndipo uchungu ulipo. Mwendo wenye nguvu huanza kwa kishindo, halafu hutulia kwenye kasi inayoweza kudumu. Kutulia huko ndiko kunakoonekana kama daivajensi. Ndiyo maana katika mwelekeo imara utaona daivajensi mbili, tatu, hata nne mfululizo zikivunjwa moja baada ya nyingine. Mtu anayeongeza kiasi cha kuuza kila inapojitokeza nyingine anaikuza hasara yake kwa ushahidi uleule mmoja aliokwisha kuuhesabu.

Namna ya kupunguza hatari hii ni kutazama chati ya muda mrefu zaidi kabla ya kuiamini ya muda mfupi. Kama kwenye chati ya wiki bei iko juu ya EMA zake na MACD ya wiki inapanda, daivajensi ya dubu kwenye chati ya saa moja haistahili zaidi ya kukuandaa kwa mapumziko mafupi.

Vipi kuhusu daivajensi ya fahali kwenye kitu kinachoporomoka?

Hii naiogopa kuliko ile ya dubu, kwa sababu ya hesabu ambayo watu wachache huiona.

MACD inahesabiwa kwa pointi za bei, si kwa asilimia. Sasa fikiria kitu kinachopoteza asilimia 1 ya thamani yake kila siku bila kusimama. Kikiwa kwenye 100, siku moja inakula pointi 1. Kikifika 50, baada ya siku 69 hivi, asilimia 1 ileile ni nusu pointi. Kikifika 25, ni robo pointi. Ukikokotoa MACD ya mteremko huo uliotulia unapata karibu −8.6 bei ikiwa 100, −4.3 ikiwa 50, na −2.1 ikiwa 25.

Bei inaweka mabonde ya chini zaidi na zaidi, MACD inaweka mabonde ya juu zaidi na zaidi. Ongeza miruko midogo ya kawaida katikati ili mabonde yaonekane vizuri, na una daivajensi ya fahali ya kupendeza kwenye kila hatua ya kuelekea kaburini. Wauzaji hawajalegea hata kidogo. Wanauza kwa kasi ileile kwa asilimia. Kilichopungua ni pointi zilizobaki za kupoteza.

Dawa yake ni kutumia PPO badala ya MACD, ambayo ni MACD iliyogawanywa kwa wastani mrefu:

```
PPO = (EMA(12) - EMA(26)) / EMA(26) * 100
```

Kwenye mteremko ule wa asilimia 1 kwa siku, PPO inabaki karibu −7.5 bei ikiwa 100, ikiwa 50 na ikiwa 25. Daivajensi inayeyuka, kwa sababu haikuwepo. Kama bei imebadilika kwa zaidi ya robo hivi kati ya mabonde mawili unayolinganisha, usiamini MACD mpaka uone PPO inasema hivyohivyo. Kwa jozi za sarafu ambazo husogea asilimia chache tu kati ya kilele na kilele, tofauti ni ndogo na unaweza kuendelea na MACD.

Upande wa pili wa sarafu hiyohiyo upo pia. Kitu kilichopanda mara mbili au tatu hupata MACD kubwa kwa sababu tu bei ni kubwa, na hilo linaweza kuificha daivajensi ya dubu ambayo PPO ingeionyesha.

Habari kubwa ikirusha bei, daivajensi inayofuata ina maana?

Kwa kawaida haina, na sababu yake inafaa kuonekana kwa karibu.

Tuseme bei imelala kwenye 100, habari inatoka, inafungua na kufunga kwenye 120, kisha inakaa hapo 120 bila kusogea hata pointi moja. Siku ya mruko MACD inaonyesha 1.6 tu. Kesho yake inapanda, keshokutwa inapanda, na inaendelea kupanda hadi inafika karibu 5.6 mishumaa minane baada ya mruko. Bei imesimama muda wote huo. MACD inapanda kwa sababu EMA ya 12 inaikimbilia 120 haraka kuliko EMA ya 26, basi. Hakuna mnunuzi hata mmoja anayeonyeshwa na kilele hicho zaidi ya wale wa siku ya kwanza.

Baada ya hapo MACD inashuka, na kufikia mshumaa wa 40 iko chini ya 1. Sasa bei inaanza kupanda kwa utulivu, nusu pointi kwa siku, na kuipita 120. MACD itatulia wapi? Saba mara nusu ni 3.5. Ni chini ya 5.6, na programu yako itachora mstari mwekundu wa daivajensi ya dubu juu ya mwendo mpya ambao ndio kwanza unaanza.

Kanuni yangu: kama kilele cha kwanza cha MACD kimetengenezwa na mshumaa mmoja mkubwa au pengo la bei, nakiacha. Nasubiri vilele viwili vilivyojengwa na mishumaa mingi ya kawaida ndipo nilinganishe.

Mbona kiashiria cha kuchora daivajensi chenyewe kinaonekana hakikosei kwenye chati za nyuma?

Kwa sababu kinachora kwa kurudi nyuma. Ili programu ijue kwamba mshumaa fulani ni kilele, lazima isubiri mishumaa kadhaa ya kulia iwe chini yake. Mpangilio unaotumiwa sana ni mishumaa 5. Kilele kikitokea leo, alama itajitokeza baada ya mishumaa mitano, lakini itabandikwa juu ya mshumaa wa leo. Ukiifungua chati mwezi ujao utaona alama imesimama kileleni kabisa, kana kwamba ilikuonya pale pale.

Ukitaka kuona ukweli, tumia kipengele cha kurudia chati mshumaa kwa mshumaa, na kila alama inapojitokeza andika bei ya wakati huo, usiandike bei ya pale alama ilipobandikwa. Fanya hivyo kwa alama 50 kwenye soko unalolifanyia biashara. Ni kazi ya jioni mbili hivi, na itakufundisha kuhusu soko lako kuliko ukurasa huu.

Jambo linalofanana na hilo ni mshumaa ambao haujafunga. MACD ya mshumaa wa sasa hubadilika kila bei inapocheza. Daivajensi iliyopo saa nne asubuhi kwenye chati ya siku inaweza isiwepo soko likifunga. Isiyofungwa usiihesabu.

Basi nisubiri nini kabla ya kuingia?

Subiri bei yenyewe ikubali. Kwa daivajensi ya dubu, alama iliyo wazi zaidi ni bonde lililo kati ya vilele viwili. Mradi bei haijafunga chini ya bonde hilo, mfululizo wa mabonde yanayopanda haujavunjika na mwelekeo wa juu bado uko hai.

Kwenye mfano wetu bonde ni 130. Katika hadithi ile ambayo bei iliendelea hadi 205, haikufunga chini ya 130 hata siku moja. Aliyesubiri hakuingia, na hakupoteza chochote.

Tuchukue sasa mwisho mwingine: kutoka 145 bei inageuka, inashuka, na siku moja inafunga 129. Hapo daivajensi imethibitishwa. Unauza 129, na kikomo cha hasara kinakaa juu kidogo ya kilele, tuseme 146, kwa sababu bei ikirudi kukivuka kilele hicho, dhana yako imekufa. Umbali ni pointi 17. Kama umeamua kwamba biashara hii isikugharimu zaidi ya 170, unauza hisa 10 na si zaidi. Fanya hesabu hiyo kabla ya kubonyeza kitufe.

Utasema pointi 16 kutoka 145 hadi 129 zimekupita. Ni kweli, na hakuna ujanja wa kuzirudisha. Wapo wanaoingia mapema zaidi, MACD inapokata mstari wa ishara kwenda chini, ili kikomo kiwe karibu. Wanalipia ukaribu huo kwa kukosea mara nyingi zaidi. Mimi nimechagua kuchelewa, kwa sababu nikitazama mahali daivajensi inapovunjika, karibu kila mara ni pale ambapo bei haikuwahi kuvunja bonde lake.

Kwa daivajensi ya fahali geuza kila kitu: subiri kufunga juu ya kilele kilicho kati ya mabonde mawili, na kikomo kikae chini ya bonde la pili.

Vilele viwili viwe mbali kiasi gani?

Vikiwa karibu sana, chini ya mishumaa mitano hivi, MACD haijapata muda wa kusema kitu kipya. Vikiwa mbali sana, zaidi ya mishumaa 60, unalinganisha soko la leo na soko ambalo EMA ya 26 imeshalisahau. Kati ya 10 na 40 ndiko ninakoona picha zilizo safi.

Nibadilishe 12, 26, 9?

Si lazima. Namba ndogo zitakupa daivajensi nyingi zaidi na za uongo zaidi, kubwa zitakupa chache na zilizochelewa. Ukizibadilisha, zibadilishe mara moja na uzijaribu kwa mishumaa mingi. Mtu anayezigeuza kila chati mpaka daivajensi aliyoitaka ijitokeze anajisomea matamanio yake mwenyewe.

RSI, kiashiria kingine cha kasi ya bei, ikionyesha daivajensi ileile, si uthibitisho?

Ni uthibitisho mdogo kuliko unavyohisi. RSI na MACD zote zinatoka kwenye bei zilezile za kufunga, na zote zinaona kasi ikipungua. Ni kama kumuuliza shahidi mmoja swali moja kwa lugha mbili. Kinachoongeza kitu kipya ni habari isiyotoka kwenye bei za kufunga, kwa mfano kiasi cha hisa kilichobadilishana mikono, au eneo la bei ambapo soko liliwahi kugeuka kwa nguvu miezi iliyopita.

Daivajensi iliyofichika ni ipi?

Ni kinyume cha hii: wakati bei inapanda, bonde la bei linakuwa juu ya lile la awali lakini bonde la MACD linakuwa chini. Husomwa kama ishara kwamba mwelekeo utaendelea. Mimi siitumii sana kwa MACD, kwa sababu mteremko mmoja mkali wa muda mfupi unatosha kuitengeneza.

Nina hisa nilizonunua mapema na naona daivajensi ya dubu. Niuze?

Hapa daivajensi ina kazi nzuri zaidi kuliko ya kukuingiza sokoni. Ikijitokeza wakati tayari una faida, acha kuongeza ununuzi mpya, na sogeza kikomo cha hasara kutoka pale kilipokuwa hadi chini kidogo ya bonde la karibuni. Aliyenunua hisa yetu kwenye 110 akaona daivajensi siku ya 40 angekisogeza hadi 129. Bei ikigeuka, anatoka na pointi 19 mfukoni. Bei ikiendelea hadi 205, bado yumo ndani, na kila bonde jipya linapojengeka anakisogeza tena.